Namba ya Kidole na Namba ya Sonara

Kijana anafanya kazi Maskati na anataka pete ya ndoa itengenezwe huko huko, katika soko la Matrah. Mchumba wake yuko Tanga. Sonara hamhitaji bibi harusi asimame mbele ya kaunta, anahitaji namba tu. Kijana anapiga simu nyumbani, dada yake anakaa na wifi yake barazani, anamzungushia kitu kidoleni, anapima kwa rula, kisha anatuma ujumbe: "56". Sonara akionyeshwa ujumbe huo anauliza: hamsini na sita ya nini? Maana yeye kila siku anaambiwa kumi na saba na nukta fulani, au kumi na nane.

Hapo hakuna aliyekosea. Dada amepima mzingo, yaani urefu wa njia inayokizunguka kidole kutoka mwanzo hadi kurudi pale pale. Sonara anataka kipenyo cha ndani, yaani upana wa tundu la pete kutoka ukingo mmoja hadi ule unaouelekea, kupitia katikati. Kila mmoja ana sababu ya kushika kipimo chake. Kidole kilicho hai huwezi kukipima kipenyo vizuri. Si duara kamili, nyama yake inabonyea, na ukikibana kwa rula kutoka pembeni utapata chochote unachotaka kupata. Mzingo wake hupimika kwa kipande cha karatasi. Pete nayo ni kinyume chake: ni ngumu, ni ya mviringo, na tundu lake linapokea vizuri meno ya kalipa, kile chombo cha chuma chenye taya mbili kinachosoma hadi sehemu ya kumi ya milimita. Kuzungushia kitu ndani ya tundu la pete ndiko kunakosumbua. Kwa hiyo mwenye kidole hupima mzunguko, fundi hupima upana, na katikati yao kuna hesabu ya darasani: mzingo ukigawanywa kwa pai hutoa kipenyo.

Hesabu yenyewe ni ya dakika moja. Kazi iko katika kuhakikisha kwamba namba inayoingia kwenye hesabu ni ya kweli, kwa sababu kugawanya hakusahihishi kipimo kibaya. Kwa hiyo turudi kwanza barazani Tanga, tuone ile 56 ilivyopatikana.

Watu wengi hukimbilia uzi. Uzi upo kila nyumba, unapinda, na unaonekana ndio wenyewe. Taabu yake ya kwanza inajulikana: uzi hunyooka ukivutwa. Ukiukaza kidoleni kisha ukaulaza kwenye rula bila kuuvuta, au kinyume chake, umeshapoteza milimita moja au mbili. Taabu ya pili haionekani kwa macho, nayo ndiyo inayofaa kueleweka kwa sababu tutakutana nayo tena kwa sonara. Uzi una unene. Unapozungushwa kidoleni, haulali juu ya mstari wa ngozi. Katikati ya uzi iko mbali na ngozi kwa nusu ya unene wake, pande zote. Duara unalolipima kwa hiyo lina kipenyo kikubwa kuliko cha kidole kwa unene mmoja mzima wa uzi, na mzingo wake unazidi kwa unene huo mara 3.14. Uzi wa kushonea wenye unene wa milimita 0.3 unaongeza karibu milimita 1. Kamba ya mkonge ya milimita 2, ambayo Tanga haikosekani, inaongeza zaidi ya milimita 6, na pete itakayotengenezwa kwa kipimo hicho itamfaa shemeji, tena kwenye kidole gumba. Kwa kweli nyuzi laini hubonyea, hivyo kosa halifiki kiwango hicho chote, lakini huwezi kujua limefika wapi, na kosa usilojua ukubwa wake huwezi kulitoa.

Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa takriban milimita 0.1. Kwa hesabu ile ile inaongeza milimita 0.3 tu, kiasi ambacho pete haitakihisi. Tena karatasi haivutiki. Kwa hiyo dada akate utepe wa karatasi ulionyooka, urefu kama wa kidole kirefu mara mbili, na upana sawa na upana wa pete inayotakiwa. Jambo la upana lisipuuzwe. Pete nyembamba ya milimita 2 hujitafutia nafasi kwenye nyama ya kidole. Pete pana ya milimita 6 au 8 hufunika eneo kubwa, nyama haina pa kukimbilia, na pete hiyo hiyo kwa namba huhisi kubana. Ukipima kwa utepe mwembamba kisha ukaagiza pete pana, umepima pete nyingine. Pete ya kijana wetu ina upana wa milimita 5, basi utepe nao uwe wa milimita 5.

Utepe uzungushwe mahali pete itakapokaa, uguse ngozi pande zote bila kuibonyeza, na uweze kuzungushwa kidogo bila kukwama. Ncha moja ipite juu ya utepe, na pale inapoishia iwekwe alama kwa kalamu yenye ncha kali. Kalamu nene huchora mstari wa karibu milimita nzima, na hujui usome upande gani wa mstari. Kisha utepe unalazwa kwenye rula, kutoka kwenye ncha hadi kwenye alama. Angalia pia rula yenyewe: nyingi za plastiki zina kipande kitupu kabla ya sifuri, na mtu akianzia kwenye ukingo wa plastiki badala ya kwenye mstari wa sifuri, amepunguza milimita kadhaa bila kujua. Tepu ya fundi cherehani tusiitumie. Ni pana, ni nene, na mara nyingi ncha yake ina kibati kinachokaa vibaya kwenye mpindo mdogo kama wa kidole.

Dada alipopima hivyo, alipata 54. Kisha akafanya jambo ambalo watu wengi hulisahau: akapima tena kwenye kifundo, lile fundo la mfupa katikati ya kidole ambalo pete lazima ilivuke kabla haijafika inapokaa. Akapata 57.

Sasa ipi? Pete ya 54 ingekaa vizuri sana kama ingefika, ila kuivusha kifundo cha 57 kungehitaji sabuni, na kuivua kungehitaji sabuni na machozi. Pete ya 57 ingeteleza kwenye kifundo bila neno, kisha ikifika chini ingezunguka ovyo, na siku moja mikono ikiwa imelowa maji ya kufulia ingekwenda na povu. Jibu liko katikati, na kwa kawaida juu kidogo ya katikati. Ngozi ya kifundo husogea na kubonyea kiasi, kwa hiyo pete haihitaji kufikia 57 ili ipite. Inatakiwa ipite kwa ukinzani kidogo ambao ndio utakaoizuia isitoke yenyewe. Katikati ya 54 na 57 ni 55.5. Kwa kuwa pete ni pana kiasi, wakachukua 56. Hiyo ndiyo namba iliyotumwa Maskati.

Si vidole vyote vilivyo hivyo. Kuna mikono ambayo shina la kidole ni nene kuliko kifundo, hasa kwa vijana na kwa watu wanene kidogo. Hapo kifundo hakizuii kitu, na kinachoishika pete ni shina lenyewe, basi kipimo cha shina ndicho kinachofuatwa bila kuongeza. Na kuna vifundo vilivyovimba kwa ugonjwa wa viungo, ambapo tofauti kati ya sehemu mbili hizo inaweza kuwa kubwa kiasi kwamba hakuna namba ya katikati inayofaa. Watu wa namna hiyo wamwone sonara ana kwa ana. Kuna mbinu za kuweka vishikizo vidogo ndani ya pete ili ipite kwenye kifundo kikubwa na bado ikae imara chini, lakini haziagizwi kwa simu.

Kidole nacho hakikai na ukubwa mmoja siku nzima. Joto hukivimbisha, baridi hukinywesha. Mtu anayepima adhuhuri ya kaskazi baada ya kutoka sokoni na kikapu, na mtu yule yule anayepima asubuhi ya kipupwe baada ya kuosha vyombo kwa maji baridi, wanaweza kupata namba mbili zinazotofautiana kwa milimita moja au zaidi. Wakati wa kuamka mikono huwa imejaa kidogo. Chakula chenye chumvi nyingi na ujauzito huongeza. Ndiyo maana ni vyema kupima mara kadhaa kwa siku tofauti, mikono ikiwa na joto lake la kawaida, kuelekea jioni, na kuchukua namba inayojirudia. Mkono upimwe ule ule utakaovaa: mkono unaofanya kazi zaidi mara nyingi huwa na vidole vinene kidogo kuliko mwenzake, kwa hiyo kipimo cha kulia hakihamishwi kushoto.

Haya, namba ni 56, na tunajua imetoka wapi. Kipenyo chake ni 56 kugawanya kwa 3.1416, ambayo ni 17.825. Kwa sonara tunaandika 17.8. Asiye na kikokotoo atumie ile 22/7 ya shule ya msingi: 56 mara 7 ni 392, gawanya kwa 22, unapata 17.82. Arkimedes alishaonyesha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba pai iko chini kidogo tu ya 22/7, na tofauti yenyewe katika pete ya ukubwa huu haifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Hakuna sonara anayeweza kuikata dhahabu kwa usahihi huo kwa mkono, kwa hiyo anayesisitiza pai yenye tarakimu nane anajisumbua.

Kuna njia ya kichwani inayofaa zaidi mtu akiwa kwenye simu na hana kalamu. Shika kwamba mzingo wa 55 ni kipenyo cha 17.5. Imetoka vizuri kwa bahati, kwa sababu 55 ni 22 mara mbili na nusu, na 7 mara mbili na nusu ni 17.5. Kutoka hapo, kila milimita moja ya mzingo ni karibu milimita 0.32 ya kipenyo. Basi 56 ni 17.8, 57 ni 18.1, 58 ni kama 18.5. Ukishuka, 54 ni 17.2 na 53 ni 16.9. Vidole vingi vya pete vya wanawake vitaangukia karibu na hapo, na hesabu haitakupeleka mbali na ukweli.

Hiyo 0.32 ina upande wake wa hatari. Milimita moja ya mzingo inakuwa theluthi tu ya milimita ya kipenyo, kwa hiyo aliyepima mzingo ana bahati: kosa lake linagawanywa kwa tatu anapogeuza. Anayeanza na kipenyo, mambo yanamgeukia. Kosa la milimita moja katika kipenyo ni kosa la zaidi ya milimita tatu katika mzunguko wa pete. Ndipo utaona kwa nini nukta ile baada ya 17 haitupwi. Kijana akisikia "kumi na saba nukta nane" na kumwambia sonara "kumi na saba" kwa kuwa ndiyo namba aliyoikumbuka, pete itatoka na mzingo wa 53.4. Ni ndogo kuliko shina la kidole lenyewe, sembuse kifundo. Akiikadiria kuwa 18, mzingo utakuwa 56.5, ambao unavalika ingawa umelegea kidogo. Kukadiria kwenda juu kumemsamehe safari hii; mara nyingine hakutamsamehe. Sehemu moja ya kumi ya milimita ndiyo kiwango cha kutaja, wala si zaidi ya hapo.

Kwa sababu hiyo hiyo siamini sana ushauri unaopendwa wa kuiba pete ya zamani ya mchumba na kuilaza kwenye rula. Macho hayajui mahali hasa palipo upana mkubwa wa tundu, ukingo wa pete hufunika mistari ya rula, na kukosea nusu milimita ni rahisi mno. Nusu milimita hiyo ni milimita moja na nusu ya kidole. Pete ya zamani ikiwa ndiyo chanzo pekee, ipimwe kwa kalipa, mara mbili, kwa pande zinazokatana kama alama ya kujumlisha. Pete iliyovaliwa miaka mingi huwa imebonyea na kuwa na umbo la yai, ukipata 17.4 upande mmoja na 18.2 upande mwingine, chukua 17.8, na ujue pia kwamba pete ile si mashahidi wawili wanaokubaliana. Zile zilizotengenezwa kwa tumbo la ndani, ambazo huteleza vizuri kidoleni, zipimwe katikati ya upana wake, pale tundu linapobana, maana kwenye kingo zake tundu ni pana zaidi.

Neno "ndani" katika "kipenyo cha ndani" linabeba uzito wake. Pete ya kijana ina unene wa milimita 1.5. Kipenyo chake cha ndani kikiwa 17.8, kipenyo cha nje ni 17.8 na 1.5 upande huu na 1.5 upande ule, jumla 20.8. Mtu akimpa sonara kipimo cha nje akidhani ni kile kile, amemwagizia pete ya kidole cha mzingo wa 65. Kwa hiyo ujumbe useme wazi: kipenyo cha ndani, milimita 17.8.

Na hapa ndipo unene ule tuliouona kwenye uzi unaporudi, safari hii mikononi mwa sonara. Anayetengeneza pete kwa mkono haanzi na duara. Anaanza na bamba lililonyooka, analikata urefu fulani, analipinda, kisha analehemu ncha mbili zikutane. Akilikata milimita 56 sawasawa, pete itatoka ndogo. Chuma chochote kikipindwa, upande wa ndani hujikunja na kufupika, upande wa nje hunyooka na kurefuka, na mstari wa katikati tu ndio unaobaki na urefu wake. Mstari huo wa katikati uko nusu ya unene kutoka tundu, pande zote. Kwa hiyo sonara hujumlisha unene kwenye kipenyo kabla ya kuzidisha: 17.8 na 1.5 ni 19.3, mara 3.14, anapata karibu 60.6. Njia nyingine ya kufika pale pale ni kuchukua 56 na kuongeza unene mara 3.14, yaani 4.7. Bamba la unene wa milimita 2 lingehitaji karibu 62.3. Wateja wengine huona bamba la milimita 60 likikatwa kwa kidole cha 56 wakadhani wanaibiwa dhahabu, au pete itakuwa kubwa. Hawaibiwi, wala haitakuwa.

Hesabu ikiwa sawa, bado namba inaweza kupotea njiani, kwa kuwa dunia haina namba moja ya pete. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8653 kinauita ukubwa wa pete kwa mzingo wake wa ndani kwa milimita, kwa hiyo kwa kiwango hicho pete yetu ni 56, na yule dada wa Tanga alikuwa anaongea lugha ya kimataifa bila kujua. Uingereza hutumia herufi. A ni mzingo wa 37.5 na kila herufi inaongeza milimita 1.25, hivyo 56 inaangukia karibu sana na P. Marekani hutumia namba zinazopanda kwa takriban milimita 0.8 ya kipenyo, na ya kwetu ni kama 7 na nusu. Hizo haziogopeshi, kwa kuwa hakuna atakayedhani P au 7 ni milimita. Inayoogopesha ni ya Italia na Hispania, ambako huchukua mzingo na kutoa 40. Pete yetu huko ni 16. Sasa chukua mtu aliyesoma "16" ndani ya sanduku la pete iliyonunuliwa Italia, akampa sonara anayefikiri kwa kipenyo. Namba 16 inaaminika kabisa kuwa kipenyo cha kidole chembamba, haishtui mtu. Pete itatoka na mzingo wa 50, ndogo kwa milimita 6. Namba yoyote ya pete isiyo na neno "mzingo" au "kipenyo" mbele yake, na neno "milimita" nyuma yake, mimi singeipeleka kwa fundi.

Vilevile zile chati za maduara zinazotumwa kwenye simu ili uweke pete yako juu yake. Skrini hukuza na kupunguza, na printa nazo huipunguza picha kidogo ili ienee kwenye karatasi. Chati iliyopungua kwa asilimia 4 inamgeuza mtu wa 56 kuwa wa zaidi ya 58, maana pete yake inafunika duara lililokusudiwa kuwa kubwa zaidi. Kipimo cha kuikagua kiko mfukoni: kadi ya benki ina urefu wa milimita 85.6 na upana wa karibu 54, dunia nzima. Chati yenye mstari wa kupimia isipolingana na kadi, ifutwe.

Sonara naye hukagua kwa fimbo ya chuma iliyochongwa mfano wa karoti, yenye alama zinazopanda kadiri inavyonenepa. Pete huvishwa juu yake mpaka ikwame. Kwa pete nyembamba usomaji ni rahisi. Kwa pete pana ni hila, kwa sababu fimbo inanenepa na pete imenyooka, hivyo ukingo mmoja tu wa pete ndio unaoigusa fimbo na ule mwingine umeachana nayo. Mafundi wengine husoma kwenye ukingo wa pete, wengine katikati ya upana wake, na kwa pete ya milimita 5 njia hizo mbili hazitoi jibu moja. Ndiyo maana kalipa inafaa kuwa na neno la mwisho: taya za ndani zifunguliwe ndani ya tundu, pande mbili, zisome 17.8 na 17.8. Kijana asimame hapo aone kwa macho yake kabla ya kulipa.

Tuseme basi mambo hayakuwa hivyo, ile "kumi na saba" ikasikika vibaya ikawa 17.2, na pete ikafika Tanga ikiwa ya mzingo wa 54. Inakwama kwenye kifundo. Pete ya dhahabu iliyo tupu, isiyo na vito, ina njia mbili. Ya kwanza ni kuipanua kwa fimbo na nyundo, ambayo inafaa kwa mabadiliko madogo tu, kwa kuwa dhahabu haiongezeki: kinachopatikana kwenye mzunguko kinatolewa kwenye unene. Ya pili ni kuikata na kuongeza kipande. Kipande hicho kiwe na urefu gani? Hapa mzingo unamrahisishia kila mtu kazi, maana jibu ni tofauti ya mizingo miwili, 56 toa 54, milimita 2, na unene wa pete hauingii, kwa kuwa ulishahesabiwa kwenye pete ya kwanza na umebaki vile vile. Ukianza na vipenyo utafika hapo hapo: 17.8 toa 17.2 ni 0.6, mara 3.14 ni karibu 1.9.

Mteja anaweza hata kukadiria dhahabu itakayoongezwa. Urefu milimita 2, upana 5, unene 1.5, ujazo wake ni milimita 15 za ujazo. Dhahabu ya karati 18 ina uzito wa karibu gramu 15.5 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo kipande hicho ni kama gramu 0.23, chini ya robo gramu. Ukitozwa dhahabu ya gramu moja, una cha kuuliza. Kazi ya kukata, kulehemu na kung'arisha ni malipo mengine, na hayo ni haki ya fundi.

Pete iliyozungushiwa vito pande zote haina mahali pa kukatwa bila kuvuruga mashimo ya vito, na pete za tangisteni au kauri hazikubali nyundo wala lehemu, hupasuka. Kwa pete za aina hizo inafaa kutengeneza kwanza pete ya majaribio ya waya wa shaba yenye unene ule ule, kipenyo cha ndani 17.8, na kuituma Tanga katika bahasha. Bibi harusi aivae siku kadhaa, afue nayo, alale nayo. Ikimbana, anatuma namba mpya ya mzingo, na hesabu inarudiwa kwa gharama ya waya.